Sauti ya Siakago, herufi za jirani

Siku hizi ukihudhuria kongamano lolote la lugha, hutakosa kusikia mapendekezo matatu. La kwanza ni vitabu vya kusikiliza kwa lugha za mama. La pili ni filamu zenye maandishi chini ya skrini, ambayo vijana huyaita sabtaito. La tatu ni tafsiri za vitabu vya shule. Mapendekezo yote haya ni mazuri, na hadhira ipo, kwani simu imefika kila kijiji. Lakini kabla ya kugawa fedha na kununua vinasa sauti, lipo swali la kihistoria linalopaswa kujibiwa kwanza: watu wa mahali hapo walijifunza kusoma kwa lugha gani? Katika makala haya nitalijibu kwa kutazama Siakago, kule Mbeere Kaskazini katika Kaunti ya Embu, kwa sababu historia ya Siakago inatuonyesha wazi kwamba mapendekezo haya matatu hayalingani hata kidogo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 108,881 katika Mbeere Kaskazini. Lugha yao, Kimbeere, ni ndugu wa karibu sana wa Kiembu, na wanaisimu wengi huziweka mbili hizi katika kapu moja. Malcolm Guthrie, aliyeziainisha lugha za Kibantu kwa herufi na namba, aliiweka Kiembu katika kundi la E50 pamoja na Kikuyu, Kimeru, Kitharaka na Kikamba. Mwaka 1974 Mjerumani Wilhelm Möhlig alichapisha utafiti mzima kuhusu lahaja za upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Ukifuata kazi za namna hiyo utaona kwamba huku hakuna ukuta unaotenganisha lugha na lugha. Usemi hubadilika kidogo kidogo ukitoka kijiji hadi kijiji, mpaka unajikuta umefika kwa jirani.

Tofauti moja lakini ni rahisi kuisikia hata kwa mgeni. Pale ambapo Mkikuyu hutamka h, Mwembu na Mmbeere hutamka v. Habari kwa Kikuyu ni ũhoro, huku ni ũvoro. Mahali kwa Kikuyu ni handũ, huku ni vandũ. Ukoo ni mũhĩrĩga kwa jirani, na mũvĩrĩga kwa Mmbeere. Hata majina ya mahali yanashuhudia jambo hili: si mbali na Siakago kuna eneo linaloitwa Evurore. Naomba msomaji aikumbuke sauti hii v, maana ndiyo itakayotuongoza katika hadithi yote.

Mwaka 1906 Waingereza waliivamia Embu kwa silaha. Miaka minne baadaye, mwaka 1910, kanisa la Kianglikana kupitia shirika la CMS lilifungua misheni huko Kigari. Kusoma kukaanza kuenea kutoka misheni hadi shule ndogo za vijijini. Basi, mtu aliyetaka kusoma alisoma nini? Alisoma kile kilichokuwapo, na kilichokuwapo kilikuwa Kikuyu. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka 1926 na Biblia nzima mwaka 1951. Kwa watafsiri na wachapishaji wa zama hizo hesabu ilikuwa rahisi: lugha zinafanana, Wakikuyu ni wengi, na chapa moja ni nafuu kuliko mbili. Hakuna aliyekusudia kuidharau Kimbeere. Ni bajeti iliyoamua.

Matokeo yake ni kwamba Mmbeere alifundishwa kuiona h kwenye ukurasa ilhali mdomo wake ulijua v. Katika mazungumzo alisema ũvoro, akifungua kitabu akakuta ũhoro. Aliyesoma kwa sauti kanisani alikuwa na njia mbili: aitamke h kama ilivyoandikwa na aonekane mtu aliyesoma, au aigeuze kimoyomoyo iwe v na aonekane hajui kusoma. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa miongo mingi lilifundisha somo ambalo halikuandikwa popote: kwamba maandishi ni ya jirani, na lugha ya nyumbani ni ya kusemwa tu.

Mbeere haikuwa peke yake. Upande wa Meru, Wamethodisti walijikita Kaaga kuanzia 1912, katika eneo la Imenti. Agano Jipya la Kimeru lilipotoka 1952, na Biblia nzima 1964, lahaja iliyotawala ilikuwa ya Imenti. Mtharaka na Mchuka wakajikuta katika hali ile ile ya Mmbeere, wakisoma lugha inayofanana na yao bila kuwa yao. Kote huku, aliyekuwa karibu na matbaa ya misheni ndiye aliyeandikwa.

Shule nazo zilifuata njia yenye kona nyingi. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama. Mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ili kuchapisha vitabu kwa lugha za Waafrika, na hapo palionekana mwanga. Lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 upepo ulikuwa umegeuka, na mpango mpya wa shule za msingi ukakileta Kiingereza tangu darasa la kwanza. Tume ya Ominde ya 1964 iliubariki mpango huo. Kisha mwaka 1976 kamati ya Gachathi ikarudi nyuma na kusema kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala katika mazingira ya shule.

Kutokana na sera hiyo, wengi waliosoma zamani wanakumbuka mfululizo wa vitabu vya TKK kutoka taasisi ya kukuza mitaala. Herufi hizo ni kifupi cha Tujifunze Kusoma Kikwetu. Hebu tulitazame jina hilo. Vitabu vya kumfundisha mtoto kusoma lugha ya mama vilipewa jina la Kiswahili! Sisemi hivyo kwa kejeli. Jina lile lilikuwa la kweli kuliko waliolitunga walivyodhani, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja kati ya lugha hizo zote. Isitoshe, sera yenyewe ilisema kwamba pale watu wa lugha mbalimbali wanapoishi pamoja, Kiswahili kitumike. Mji wa soko na ofisi za serikali kama Siakago, wenye walimu na watumishi kutoka kila pembe, huwa na sababu nzuri ya kuchagua Kiswahili.

Tukijumlisha yote hayo, tunapata jibu la swali letu. Mtu mzima wa Siakago leo huenda anasoma Kiingereza na Kiswahili vizuri, na kama ni wa umri mkubwa, Kikuyu cha Biblia pia. Lugha anayoisema vizuri kuliko zote ndiyo ambayo hajawahi kufundishwa kuiandika ipasavyo. Mtaala wa sasa wa umilisi umerudisha lugha za kiasili katika gredi tatu za mwanzo, lakini mwalimu anayetakiwa kuifundisha hakuisomea lugha hiyo shuleni. Ataandika anavyosikia, na mwenzake wa shule ya pili ataandika vingine.

Hapo ndipo mapendekezo yale matatu yanapotengana.

Tuanze na sabtaito. Maandishi ya skrini yana masharti yake. Kwa kawaida mstari mmoja hauzidi herufi 42 hivi, na mistari haizidi miwili kwa wakati mmoja. Msomaji hupewa kati ya sekunde moja na sita au saba, kisha maneno yanatoweka. Kasi inayokubalika ni herufi 12 hadi 17 kwa sekunde, ikitegemea wepesi wa msomaji. Masharti haya yanachukulia kwamba jicho la mtazamaji limeizoea lugha kwa maandishi kiasi kwamba halisomi silabi kwa silabi. Sasa mweke mbele ya skrini kijana wa Siakago ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa Kimbeere. Atakuwa bado anajiuliza neno la kwanza ni lipi, na mstari umekwisha ondoka. Naye bibi yake, anayeijua lugha hadi mizizi, huenda hasomi kabisa, au macho hayamruhusu. Basi sabtaito za Kimbeere zinawakosa wote wawili.

Kuna na tatizo la irabu. Kiswahili kina irabu tano, lakini lugha za kundi hili zina saba. Mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ, zikiwa na kialama cha wimbi juu. Simu nyingi hazitoi herufi hizo upesi, na watu huziacha. Kwa Kikuyu, kũũra ni kukimbia au kupotea, na kuura ni mvua kunyesha. Ondoa mawimbi na maneno yote mawili yanaandikwa vilevile. Katika kitabu msomaji anaweza kurudi nyuma na kuelewa kwa muktadha. Kwenye skrini hana nafasi ya kurudi.

Tafsiri za vitabu vya shule nazo zinahitaji tahadhari. Kati ya 2012 na 2014 Kenya ilifanya jaribio la kufundisha kusoma kwa lugha ya mama, kwa Kikamba huko Machakos na kwa Lubukusu huko Bungoma. Matokeo yalichapishwa na yanafaa kusomwa kwa utulivu. Watoto walifundishika: walisoma na kuelewa lugha zao vizuri zaidi kuliko wenzao. Lakini hawakuwapita wenzao katika Kiingereza na Kiswahili, na katika hesabu walibaki nyuma kidogo. Mpango wa Tusome uliofuata mwaka 2015 nchini kote ukaja kwa Kiswahili na Kiingereza tu. Kikamba kina wasemaji mamilioni na desturi ndefu ya maandishi. Kama huko kazi ilikuwa nzito, Kimbeere hakiwezi kurushwa moja kwa moja katika kitabu cha hesabu kana kwamba istilahi zimekwisha kukubaliwa.

Linabaki pendekezo la sauti, na hapa historia inageuka kuwa msaada. Kinasa sauti hakiulizi kama neno linaandikwa kwa h au kwa v. Msimulizi akisema ũvoro, msikilizaji wa Siakago anajisikia yuko nyumbani, na msikilizaji wa Embu mjini hapotei. Redio imekwisha kuthibitisha jambo hili. Wimwaro FM hutangaza kwa Kiembu, na si lazima Mmbeere atafsiriwe ndipo aelewe. Tofauti za lahaja zinazoleta ugomvi kwenye karatasi hupita sikioni bila kelele.

Je, ni nini kisomwe? Hapa kuna utajiri ambao wengi hawaujui. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki aliwahoji wazee wa Embu na Mbeere na kuchapisha historia yao mwaka 1973, kisha matini za mahojiano mwaka 1974. Mchapishaji alikuwa lile Shirika la Vitabu lililoanzishwa kwa ajili ya lugha za Waafrika. Vitabu vyenyewe vilitoka kwa Kiingereza. Mwaka 1988 David Brokensha na Bernard Riley walichapisha kazi ya majuzuu mawili kuhusu Wambeere, moja ikieleza mimea na matumizi yake. Ciarunji Chesaina akatoa mkusanyo wa fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere mwaka 1997, nao kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, maarifa ya Siakago yamehifadhiwa, ila yamehifadhiwa katika lugha ambayo waliyoyatoa hawakuyasema kwayo.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Tuseme tunataka kurudisha Mbeere simulizi ya mzee yenye kurasa tano, maneno kama 1,500. Kosa la kawaida ni kumpa mwalimu karatasi ya Kiingereza na kumwambia aitafsiri sentensi kwa sentensi. Atakayoyaandika yatakuwa Kiingereza kilichovaa nguo za Kimbeere. Utayatambua mara moja: kila sentensi itaanza na mtenda, viunganishi vitajaa, na yale maswali ya msimulizi kwa wasikilizaji wake yatakuwa yametoweka. Njia iliyo bora ni kusimulia upya. Mtu anayejua Kiingereza anamweleza mzee mambo yaliyomo, aya kwa aya, kisha mzee anayasimulia kwa kauli yake mbele ya watu wawili watatu wanaoitikia. Simulizi hilo linarekodiwa. Baadaye linaandikwa kama lilivyosemwa, na kulinganishwa na chapa ya Kiingereza ili majina, koo na mfuatano wa matukio visipotee.

Kisha andiko linapelekwa kwa wasikilizaji wawili, mmoja wa Mbeere na mmoja wa upande wa Embu. Si kwa ajili ya kupiga kura juu ya lahaja ipi ishinde, bali kuweka alama mahali ambapo mmoja wao amesimama akauliza, "Amesema nini?" Sehemu hizo pekee ndizo zinazorekebishwa. Nyingine ziachwe na ladha yake ya Mbeere.

Katika kusoma, kasi ya utulivu ni maneno 100 hadi 110 kwa dakika, kwa kuwa maneno ya Kibantu ni marefu. Simulizi letu basi litachukua dakika 14 au 15. Asidanganyike mtu kwamba kazi ni ya robo saa. Saa moja iliyokamilika hula takriban saa sita za kurekodi, kusikiliza na kukata makosa, kwa hiyo dakika 15 zetu ni kazi ya saa moja na nusu hivi mbali na maandalizi. Chumba kisiwe na paa tupu la mabati, maana matone machache tu ya mvua yataharibu kila kitu. Mablanketi ukutani yanasaidia kuzima mwangwi. Na msomaji awe yule yule mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo tatizo lisilotarajiwa hujitokeza: tarakimu. Kwenye karatasi mwaka 1906 ni alama nne, na kila mtu huzisoma kwa lugha aitakayo. Kwenye sauti lazima uamue. Wengi katika mazungumzo ya kila siku hutaja miaka kwa Kiingereza au Kiswahili, na ukiitaja kwa Kimbeere kirefu, msikilizaji atahesabu badala ya kufuata hadithi. Maoni yangu ni kwamba Kiswahili kitumike kwa miaka, na pale inapowezekana tukio litajwe kwa jina la rika au la msimu wa njaa ambao wazee wanaukumbuka, kama simulizi lenyewe linavyofanya.

Sauti nayo ina mipaka yake. Kwanza, humkweza msemaji mmoja. Kama vitabu kumi vya kwanza vitasomwa na mtu wa kijiji kimoja, baada ya miaka ishirini matamshi yake yataitwa sahihi, nasi tutakuwa tumerudia yaliyotokea Kaaga. Dawa ni kubadilisha wasomaji kutoka kitabu hadi kitabu. Pili, kuna suala la haki. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na kutafsiri bila idhini ni kuivunja. Simulizi za jamii zenyewe zina ulinzi wake chini ya sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Idhini iombwe kwa mwenye kitabu na kwa jamii pia. Tatu, sauti bila maandishi haimfundishi mtoto kusoma. Ndiyo maana lile andiko la simulizi lisitupwe. Likikusanywa pamoja na mengine ishirini au thelathini, litakuwa ushahidi wa jinsi Wambeere wanavyosema kweli, na wataalamu wa tahajia watakuwa na msingi wa kuamulia.

Na sabtaito? Zigeuzwe upande. Badala ya filamu ya Kiingereza yenye maandishi ya Kimbeere, tuwarekodi wazee kwa picha wakisema Kimbeere, kisha chini tuandike Kiswahili. Bibi atasikiliza, mjukuu atasikiliza na kusoma kwa lugha ambayo jicho lake limeizoea, na mwalimu kutoka Busia au Lamu aliyehamishiwa Siakago hataachwa nje. Kwa njia hiyo Kiswahili kitaendelea kuwa lile daraja lililodokezwa na jina la TKK, na hakitachukua nafasi ya lugha ya nyumbani.

Mpangilio basi ni huu: sauti kwanza, Kiswahili kwenye skrini, kisha kitabu cha shule baada ya tahajia kukomaa. Wenye fedha hupenda kuanza na kitabu kwa sababu kinapigwa picha kikizinduliwa. Historia ya kusoma huko Mbeere, tangu 1910, imekwisha kutuonyesha kinachotokea ukurasa unapofika kabla ya mtu kuuliza ni mdomo wa nani utakaousoma. Wazee waliozungumza na watafiti miaka hamsini iliyopita hawapo tena. Waliokuwa watoto wakiwasikiliza kando ya moto sasa ndio wazee, na bado wanatamka v.